Mkataba wa Shamba Uko Wapi?

Jioni ya leo tuingie chumba cha wazazi, tufungue kabati, tutafute karatasi.

Katika nyumba nyingi kuna mtu mmoja anayejua kila karatasi ilipo. Kwa vyeti vya watoto mara nyingi ni mama, na kwa mambo ya ardhi mara nyingi ni baba. Ukimwuliza anakujibu papo hapo: cheti cha mtoto kimo kwenye mkoba mweusi, mkataba wa shamba uko chini ya godoro upande wa ukutani, risiti ya friji imo ndani ya kitabu cha sala. Na kweli, ukienda unakuta. Taabu ni kwamba maelezo yote hayo yamo kichwani mwake, na mwenye kichwa husafiri, huugua, na iko siku atazikwa. Waliowahi kukaa kwenye kikao cha mirathi wanajua kinachofuata. Makabati yanapekuliwa, magodoro yanageuzwa, mjomba anamtazama mjane kwa jicho la shaka, kumbe karatasi inayotafutwa imo kwenye sanduku la bati kwa bibi kijijini, ilipelekwa huko wakati nyumba inapakwa rangi.

Kuna karatasi moja inayozuia vurugu hiyo, nayo ni orodha inayoonyesha kila waraka wa nyumba umewekwa wapi. Orodha yenyewe ni rahisi. Unachukua daftari la watoto, unachora mistari, unaandika. Ila nyingi nilizowahi kuonyeshwa hazisaidii kitu, kwa sababu mwandishi aliandika kwa ajili yake mwenyewe. Utakuta imeandikwa: hati ya kiwanja, kabatini. Kabati lipi? Nyumba ina makabati manne. Rafu gani? Ndani ya nini? Mwenye nyumba anajua, na yeye ndiye asiyeihitaji orodha. Anayeihitaji ni binti aliyerudi jana kutoka chuoni, au shemeji ambaye hajawahi kuingia chumba hicho. Kwa hiyo andika kama unamwelekeza mgeni: chumba cha wazazi, kabati la mninga, mlango wa kulia, rafu ya juu, mkoba mweusi wenye zipu, bahasha ya kaki iliyoandikwa namba 1. Ukiandika hivyo, hata mtoto wa darasa la tano ataitoa.

Baada ya mahali, kila mstari wa orodha unahitaji mambo mengine machache. Jina la mtu lililoandikwa kwenye waraka, kama lilivyoandikwa, herufi kwa herufi. Namba ya waraka. Kama kilichopo hapo ni chenyewe halisi au ni nakala. Na kama waraka una mwisho wa muda, tarehe ya mwisho huo.

Namba ndiyo watu huiruka, nami nitaitetea. Cheti cha kuzaliwa kinachotolewa na RITA kina namba ya ingizo, yaani mahali mtoto alipoandikwa katika daftari la vizazi. Cheti kikiungua, daftari halijaungua. Ukienda ofisini na namba hiyo pamoja na wilaya alikosajiliwa, unaomba nakala nyingine na kazi ya kutafuta inakuwa fupi. Ukienda mikono mitupu, huna namba na hukumbuki kama mtoto alisajiliwa Temeke au Ilala, jiandae kurudishwa. Hati ya kiwanja nayo ina namba ya hati, namba ya kiwanja na kitalu. Kwa hiyo orodha inakusaidia hata pale waraka wenyewe unapokuwa haupo tena.

Sasa niseme jambo ambalo huwashangaza wengi. Ukiwauliza watu karatasi ipi ya nyumbani ni ya kulindwa kuliko zote, watakujibu hati miliki, ile yenye muhuri wa serikali. Mimi nasema sivyo. Hati ikipotea, kuna njia. Unaripoti polisi na kupata taarifa ya upotevu, unaapa hati ya kiapo mbele ya kamishna wa viapo, unampelekea Msajili wa Hati, na taarifa ya upotevu inatangazwa katika Gazeti la Serikali. Ukipita mwezi mmoja bila kipingamizi, Msajili anaweza kutoa hati mpya. Inachosha na ina gharama, lakini njia ipo, kwa sababu kumbukumbu ya ardhi hiyo ipo katika masjala ya serikali. Karatasi yako ilikuwa ushahidi wa kitu kilichoandikwa pia mahali pengine.

Linganisha na mkataba wa mauziano wa shamba ulionunua Mkuranga mwaka 2009, umeandikwa kwa kalamu kwenye karatasi ya mistari, una dole gumba la muuzaji, sahihi za mashahidi wanne na muhuri wa serikali ya kijiji. Ardhi hiyo haijapimwa wala haijasajiliwa popote. Karatasi ile ikiliwa na mchwa, hakuna masjala ya kukutolea nyingine. Pengine ofisi ya kijiji ilibaki na nakala, pengine mwenyekiti aliyebadilishwa aliondoka na mafaili yake. Utabaki na mashahidi, nao wanazeeka. Kwa hiyo karatasi duni kuliko zote kwa sura ndiyo isiyo na mbadala, nayo mara nyingi ndiyo imekunjwa mara nne na kusukumwa ndani ya pochi ya zamani.

Mstari wa mkataba kama huo uwe mrefu kuliko mingine. Mahali ulipo, ndiyo, na mahali ilipo nakala. Lakini ongeza majina ya mashahidi, na mbele ya kila jina andika anaishi wapi. Andika na majina ya majirani wa mipaka: mashariki nani, magharibi nani, upande wa barabara nani. Siku mtu akisogeza mpaka kwa kupanda minazi usiku, hao ndio watakaoitwa kwenye baraza la kijiji.

Tuchukue nyumba moja ya mfano, tuipitie. Iwe ya Tabata, Dar es Salaam. Baba ni fundi seremala, mama anauza vitambaa. Watoto watatu: binti amemaliza kidato cha sita, mvulana yuko kidato cha pili shule ya bweni, na mdogo ana miaka minne. Nyumba wanayoishi ina leseni ya makazi. Wana kiwanja Kibaha chenye hati, na lile shamba la Mkuranga lenye mkataba wa mkono. Ndani wana friji na pampu ya maji, vyote vilinunuliwa na waranti. Mama aliandika orodha Desemba iliyopita. Haifiki kurasa mbili. Karatasi zimo kwenye bahasha saba za kaki, kila moja na namba yake.

Mwaka umepita, ni Desemba tena, shule zimefungwa. Leo ndiyo siku ya kuipitia orodha. Hapa ndipo nyumba nyingi hukosea: mama aliyeiandika anaichukua, anaisoma akiwa amekaa kwenye kochi, anatikisa kichwa, "Ndiyo, ndiyo, hiki kipo, hiki kipo," anaandika tarehe mpya, basi. Hapo mwandishi amejisahihishia mtihani wake mwenyewe. Anayepaswa kuishika orodha siku hiyo ni mtu mwingine. Mama akae, asinyanyuke, asinyooshe kidole. Binti achukue karatasi, aende chumbani, atafute kwa kuifuata orodha peke yake, na kila waraka autoe, aufungue, ausome, asihesabu bahasha tu.

Binti akaanza. Bahasha namba 1, vyeti vya kuzaliwa. Orodha inasema vitatu. Mkononi ana viwili.

"Mama, cha kaka hakimo."

"Tazama vizuri mwanangu, nilikiweka mwenyewe."

"Nimetazama, mama. Kuna changu na cha mdogo tu."

Wakakumbushana. Mwezi wa tatu shule iliomba cheti kwa ajili ya kurekebisha majina ya wanafunzi, kijana akapelekewa chenyewe badala ya nakala, na hakikurudi. Kipo kwenye faili la mwalimu wa taaluma, au kwenye sanduku la bweni chini ya sabuni na dagaa. Hili ndilo tatizo la kwanza kwa wingi wake: waraka uliotoka nyumbani bila kuandikwa. Dawa yake ni kikaratasi. Unapotoa cheti kwenye bahasha, unaacha mahali pake kikaratasi kinachosema nani amekichukua, tarehe gani, kimekwenda wapi. Cheti kikirudi, unakichana kikaratasi. Nyumba inayofanya hivyo haitahitaji kukumbushana Desemba jambo lililotokea Machi.

Cheti cha binti mwenyewe kipo, na kimefika wakati wake. Anayeomba mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu hutakiwa cheti chake cha kuzaliwa kihakikiwe RITA, na kama mzazi amefariki, cheti cha kifo nacho kihakikiwe. Dirisha la maombi likifunguliwa lina siku zake za kufungwa. Binti alipokishika akaona jambo ambalo halikuwahi kumsumbua mtu: kwenye cheti ameandikwa kwa jina la babu mwishoni, kwenye vyeti vya shule hakuna jina la babu. Ndiyo maana nimesema jina liandikwe kwenye orodha kama lilivyo kwenye waraka. Ukiwa na majina yote kwenye ukurasa mmoja, moja chini ya jingine, tofauti inajitokeza yenyewe, na inajitokeza mapema, wakati bado kuna nafasi ya kuapa au kurekebisha. Vinginevyo utaigundua mbele ya dirisha la karani, na nyuma yako kuna foleni.

Bahasha namba 2, leseni ya makazi ya nyumba ya Tabata. Ipo, safi, haina doa. Binti akasoma tarehe. Imekwisha tangu Agosti. Watu wengi wa maeneo yasiyopimwa hudhani leseni ni hati ndogo, ikishatoka imetoka. Siyo. Kwa Sheria ya Ardhi namba 4 ya mwaka 1999, leseni ya makazi hutolewa kwa muda usiozidi miaka 5, kisha huhuishwa. Hata hati miliki ina muda wake, miaka 33, 66 au 99, ila hiyo ni mirefu kiasi kwamba wajukuu ndio watakaoisumbukia. Mama alipoandika orodha aliandika mahali ilipo leseni na hakuandika mwisho wake. Orodha ilikuwa sahihi na bado nyumba imekaa miezi minne na leseni iliyolala.

Bahasha namba 3 ilitakiwa iwe na hati ya Kibaha. Ndani kuna nakala tu. Binti akashtuka. Baba akakohoa. Hati imekwenda benki mwezi wa sita, alikopa fedha za mashine ya kupasulia mbao. Mkopo ni halali, mama alitia saini yake na anaujua, lakini orodha haikuambiwa. Waraka ulio nje ya nyumba lazima uwe na mstari wake kama ulio ndani: upo benki gani, tawi gani, ulipelekwa tarehe ngapi, kwa mkopo wa namba ipi, na deni linatarajiwa kuisha lini. Deni likiisha hati haitembei yenyewe kurudi nyumbani. Lazima mtu aende kudai hati na barua ya kufuta rehani, kisha rehani ifutwe kwa Msajili. Wako watu waliomaliza kulipa, wakafurahi, wakasahau, na watoto wao ndio wanaohangaika sasa na rehani ya deni lililolipwa zamani.

Na tukiwa hapo, baba, hebu tuambie na ule udhamini. Mwaka juzi rafiki yako alikopa kwenye chama cha akiba na mikopo, wewe ukaweka saini kuwa mdhamini. Karatasi yake iko wapi? Wanaume wengi huchukulia jambo hili kama la kijiweni. Lakini rafiki akikwama, wanaokuja kugonga hawagongi kijiweni. Udhamini uandikwe kwenye orodha kama unavyoandika mali, na mkopo ukilipwa, upatikane uthibitisho, mstari ufutwe.

Bahasha namba 4, ule mkataba wa Mkuranga, ipo. Pembe moja imeanza kuliwa na unyevu kwa sababu mkoba umeegemea ukuta wa bafuni. Ukahamishwa siku hiyo hiyo, ukawekwa kwenye kopo la bati lenye kifuniko, juu ya kabati, mbali na sakafu. Wanaoishi mabonde ya Dar es Salaam hawahitaji kuambiwa kwa nini nyaraka zisikae chini. Nakala mbili zikatolewa, na mahali pa zote tatu pakaandikwa. Baba akakumbuka pia kwamba shahidi mmoja wa mkataba alifariki wakati wa Pasaka. Mbele ya jina lake ikaandikwa: marehemu. Sasa wamebaki watatu, na familia imeamua wakienda Mkuranga mwezi huu wawasalimie wote, na wamwulize mwenyekiti wa sasa kama nakala ya ofisi bado ipo.

Bahasha namba 5 na namba 6 zilikuwa na vitu vya kawaida, kadi za kliniki, cheti cha ndoa, kadi ya pikipiki, sina la kusema.

Bahasha namba 7, risiti na waranti, ilitoa kicheko. Risiti ya friji imo, imekunjwa vizuri ndani ya kifuko cha nailoni, na imegeuka karatasi nyeupe tupu. Si jini. Risiti za mashine za EFD huchapwa kwenye karatasi inayoitikia joto. Hakuna wino, kuna dawa iliyopakwa juu ya karatasi ambayo huwa nyeusi ikipata moto wa mashine. Dawa hiyo hufifia kwa jua, kwa mafuta ya mikono, na kwa kukaa ikigusana na baadhi ya plastiki. Kwa hiyo kifuko kile kilichonuiwa kuilinda ndicho kilichosaidia kuifuta. Na tafadhali usiipeleke ikapigwe laminesheni, maana joto la mashine ile litaifanya iwe nyeusi yote. Njia ya kuokoa risiti ni kuitolea nakala kwenye karatasi ya kawaida siku uliyonunua kitu, ukaibana na kadi ya waranti. Kisha kwenye orodha uandike tarehe ya kununua, jina la duka, namba ya utambulisho iliyobandikwa nyuma ya friji, na ile namba ya uhakiki iliyo chini ya risiti. TRA wana ukurasa wa kuhakiki risiti, verify.tra.go.tz, unaingiza namba hiyo na saa ya risiti, risiti inaonekana. Duka likibisha kwamba hukununua kwao, una pa kuanzia.

Waranti ya pampu ilikuwa imekwisha Oktoba. Mstari ukafutwa, kadi ikatupwa, risiti ikabaki. Kufuta ni nusu ya kazi ya siku hii. Orodha inayoongezwa kila mwaka bila kupunguzwa huwa ndefu, na ikiwa ndefu haisomwi. Waranti iliyokwisha, risiti ya redio iliyouzwa zamani, bima ya gari ambalo si lenu tena, vyote vitoke.

Nimesema usipige laminesheni risiti. Nitaongeza: hata hati na vyeti usivipige. Najua wengi wanaona ndiyo ulinzi wa mwisho. Lakini hati ya ardhi ni waraka unaoandikwa tena. Ukihamisha milki au ukiweka rehani, Msajili huandika juu yake, na hawezi kuandika juu ya plastiki. Na muhuri wa kubonyeza, ule unaoupapasa kwa kidole, ukishafunikwa karani hawezi kuupima. Mfuko wa plastiki ulio wazi upande mmoja unatosha kwa vyeti.

Najua msikilizaji mmoja ananisikiliza huku amekunja uso. Anasema: orodha hiyo mwizi akiipata, si nimempa ramani? Hoja ina uzito. Kwa hiyo orodha haina namba za siri za benki wala za simu, hata moja. Haibandikwi ukutani. Haiandikwi juu yake kwa herufi kubwa NYARAKA MUHIMU. Inakaa mahali pa kawaida panapojulikana na watu wazima wawili wa nyumba, na nakala moja inakaa nje ya nyumba, kwa dada au kaka unayemwamini, ndani ya bahasha iliyofungwa. Moto hauchagui, ukichukua kabati utachukua na orodha iliyomo. Zote mbili ziwe na tarehe ileile, na ukiandika mpya, kaichukue ya zamani kwa dada uichane, maana orodha mbili zenye maelezo tofauti huleta ugomvi mkubwa kuliko kutokuwa na orodha. Picha ya simu nayo inasaidia, ila simu ina neno la siri, na simu hupotea kabla ya makaratasi. Mahakamani na ofisini bado watakuuliza: chenyewe kiko wapi?

Mwingine anakunja uso kwa sababu nyingine, na huyu hatasema kwa sauti. Ana kiwanja ambacho nyumbani hakijulikani. Au mama ana akaunti ya vikoba ambayo baba haijui. Sikuiti nikuhukumu, hiyo ni nyumba yako. Lakini fahamu kinachotokea ukiondoka. Mahakama ya Mwanzo ikimteua msimamizi wa mirathi, anatakiwa ndani ya miezi minne awasilishe taarifa kamili ya mali na madeni ya marehemu. Ataandika anachokijua. Kiwanja chako cha siri hakitaandikwa, na aliyekuuzia, au mtoto wake, atakuja kuona majani yameota bila mtu kuyafyeka. Kama lazima iwe siri, iwe siri yenye mlango. Andika wosia na uuhifadhi. RITA hupokea na kutunza wosia. Kwenye orodha ya nyumbani weka mstari mmoja tu: wosia upo RITA, tarehe fulani. Hakuna anayelazimika kujua umeandika nini ndani yake.

Kuhusu siku ya kuipitia, wako wanaopenda tarehe ya kuzaliwa, wengine mwanzo wa mfungo, wengine sikukuu. Mimi napendelea wiki ya pili ya Desemba, na sababu ni ya kazi tu: watoto wa bweni wako nyumbani na masanduku yao, Januari yenye madai ya shule haijafika, na wengi wanakaribia kusafiri kwenda kijijini, waliko mashahidi na masanduku ya bibi. Kazi yenyewe haizidi mchana mmoja. Na mwaka ukipata jambo kubwa kabla ya hapo, mkihama, akizaliwa mtoto, mkikopa, akifariki mtu, msingoje Desemba, mstari huo urekebishwe wiki hiyohiyo.

Basi msikilizaji, kama leo utafanya moja tu katika haya, uanze na ile karatasi ya mistari yenye dole gumba. Kesho asubuhi itafute, itolee nakala mbili, na jioni kabla ya kulala mwite mwenzako au mtoto wako mkubwa, umwonyeshe kwa mkono mahali umeiweka. Hizo bahasha nyingine zitafuata.